"Ewe Baba" Haisemwi Nyumbani

Nyumba za mwambao zina adabu zake za kuitana. Mama akiita kutoka uani, mtoto aliyelelewa hajibu "nini?" Kwa wazee wa Unguja na Mvita angeitika "lebeka", neno lililotokana na labbayka, itikio lile lile wanaloliinua mahujaji wakielekea Makka. Siku hizi utasikia zaidi "abee" kwa msichana na "naam" kwa mvulana. Mtoto naye akitaka kumwita mzazi, husema "baba" au "mama", basi. Mtoto atakayethubutu kuanza na "wewe baba" atatazamwa na kila mtu aliye mkekani.

Lakini fungua tafsiri za Kurani kwa Kiswahili, Sura ya Yusufu, aya ya 4. Kijana ameota jua, mwezi na nyota kumi na moja vikimsujudia, naye anakwenda kumweleza mzazi wake. Tafsiri za kawaida humfanya aanze na "ewe". Ewe ni sauti ya kuita, e, iliyoungana na wewe, kama vile enyi ni e iliyoungana na nyinyi. Tumelisoma tangu chuoni hata hatulisikii tena. Ukilivua mazoea, unaona kwamba kijana mpole kuliko wote katika kisa kile anamwita baba yake kwa namna ambayo hakuna kijana mpole anayeitumia nyumbani.

Mfasiri hakukosea kwa ujinga. Alikuwa na "yaa" ya Kiarabu mbele yake, na "ewe" ndilo neno la karibu zaidi kwa sarufi. Tabu ni kwamba yaa hubeba mambo mengi kuliko ewe. Sura ya Yusufu, kwa kuwa aya zake 111 karibu zote ni kisa kimoja cha watu wanaozungumza, ndiyo mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Humo yumo mtoto anayemwita baba, baba anayemwita mtoto, mtumwa anayesemeshwa na bwana, ombaomba mbele ya waziri, mzee anayelia, na mja anayemwomba Mola wake. Kila mmoja anaita kivyake.

Kwanza tuielewe zana yenyewe. Katika Kiarabu neno linaloitwa kwa yaa hujulikana kama munaadaa, yaani mwitwa. Jina la mtu likiitwa hukaa peke yake: yaa Muusaa, yaa Maryamu. Lakini neno lenye "al" mbele yake haliwezi kukalia yaa moja kwa moja. Huwezi kusema yaa an-naasu kwa maana ya "enyi watu". Kwa hiyo huwekwa daraja katikati, ayyuhaa kwa mwanamume au kundi, ayyatuhaa kwa mwanamke. Hapo ndipo linapatikana yaa ayyuhaa n-naasu, na lile linalosikika karibu mara tisini ndani ya Kurani, yaa ayyuhaa lladhiina aamanuu. Mfasiri mkubwa wa Kiarabu, Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, anaeleza katika kitabu chake al-Kashshaf kwamba daraja hilo lina kazi ya maana. Ayyu ni neno lisilofahamika mpaka lifuatiwe na jingine, na haa ni ya kugutusha. Msikilizaji anaitwa, anagutushwa, anangoja kujua nani anaitwa, kisha ndipo anapewa amri. Kiswahili hakina "al", kwa hiyo hakihitaji daraja. Vyote hivyo humezwa na enyi moja.

Hata hapo Kiswahili kina lake la kusema. Kiarabu chasema, neno kwa neno, "enyi ambao wameamini", kwa nafsi ya tatu. Ukiandika "enyi walioamini", msikilizaji wa Kiswahili atageuka kutazama ni akina nani hao. Ndiyo maana Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani Takatifu ilitoka mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin Barwani, aliyetoa yake mwaka 1995, wote wawili wanasema "mlioamini". Nafsi imebadilishwa ili wito ufike kwa anayeitwa. Hakuna aliyewalaumu, kwa sababu sikio lenyewe linakubali. Ukumbuke mfano huu: wafasiri hawa hawa walipoona sarufi ya Kiarabu inaharibu wito kwa Kiswahili, walifuata Kiswahili.

Sasa turudi kwa Yusufu na baba yake. Kiarabu hakisemi yaa abii, ambalo ndilo "ewe baba yangu" la kawaida. Kinasema yaa abati. Ile ti ya mwisho imechukua nafasi ya ii yenye maana ya "yangu", na huingia katika maneno mawili tu, baba na mama, yakiitwa. Ni lugha ya mtoto kwa mzazi, yenye mapenzi na heshima pamoja. Katika Kurani neno hili linatokea mara nane: mara mbili Yusufu, mara nne Ibrahimu akimsihi baba yake katika Sura ya Maryamu, mara moja Ismaili akikubali kuchinjwa, na mara moja binti wa mzee wa Madiani akimwombea Musa kazi. Wote wanane ni wakati wa upole. Hata Ibrahimu, ambaye anamkosoa baba yake kwa kuabudu masanamu, anarudia neno hilo kila mara anapoanza hoja mpya.

Sasa watazame ndugu zake Yusufu. Wanamwita baba yao mara sita katika sura hii, na mara zote sita wanasema yaa abaanaa, "baba yetu". Wanasema hivyo wakimwomba awaachie Yusufu, wanasema hivyo wakirudi na kanzu yenye damu ya uongo, na wanasema hivyo mwisho wakiomba waombewe msamaha. Kuna sababu nyepesi, kwamba wao ni wengi na huyu ni mmoja. Lakini msomaji husikia tofauti: mmoja anazungumza na baba yake, wale wanapeleka ujumbe wa kundi.

Baba naye anajibu vivyo hivyo. Kwa Yusufu anasema yaa bunayya, ambalo ni ibni, "mwanangu", lililofanywa dogo. Kiarabu hulifanya neno dogo ili kulipenda au kulihurumia. Kwa wale wakubwa anasema yaa baniyya, "wanangu", bila udogo wowote. Hapa mfasiri wa Kiswahili anabanwa kweli kweli. Sisi nasi tuna njia ya kufanya kitu kidogo, ki- na kiji-, lakini njia hiyo ina ncha kali. Kitoto inaweza kuwa ya mapenzi, kijitoto tayari inadharau, na kijana changu hakuna asemaye. Akiandika "ewe mwanangu", amepata maana na kukosa joto. Akiandika "kipenzi changu", amepata joto na kuongeza neno ambalo halimo.

Njia ya kati ipo mdomoni mwa kila mzazi. "Mwanangu" peke yake, bila ewe, tayari ni neno lililofinywa kutoka mwana wangu, na kufinywa huko ndiko kunakolipa ukaribu. Yakobo akisema "mwanangu, usiwasimulie ndugu zako ndoto hiyo", hakuna aliyelelewa kwa Kiswahili asiyemsikia mzee akishusha sauti. Ukitanguliza ewe, sauti inapanda. Vile vile Yusufu akisema "baba, nimeota" au "baba yangu, nimeota", yaa abati imefika nyumbani. Jambo moja tu mfasiri alilinde. Yusufu anatumia yaa abati tena katika aya ya 100, ndoto ilipotimia na wazazi wake wako mbele yake Misri. Ni mwito ule ule, miaka mingi baadaye. Lolote alilochagua mfasiri katika aya ya 4, alirudishe neno kwa neno katika aya ya 100, la sivyo msomaji hataona kwamba mtu mzima yule mwenye madaraka bado anamwita baba yake kama alipokuwa mtoto.

Katikati ya sura kuna wito mwingine wa ajabu, kwa sababu hauitwi mtu. Msafara umefika kisimani, mchota maji anatumbukiza ndoo, inapanda na mtoto. Anapiga ukelele: yaa bushraa! Bushraa ni bishara, habari njema. Anaiita bishara yenyewe, kama kwamba imesimama pale na aiambie "njoo, wakati wako ndio huu". Waarabu huita hivyo vitu visivyo watu: majuto, maangamizo, huzuni, furaha. Baadhi ya wafasiri wa zamani walishangaa kidogo. Imepokewa kutoka kwa as-Suddi kwamba Bushraa lilikuwa jina la mwenzake mchota maji, naye alikuwa akimwita aje aone! Maoni hayo yanawezekana kwa kisomo cha wasomaji wa Kufa, ambacho ndicho kilichoenea kwetu. Lakini wasomaji wengine, akiwamo Nafii wa Madina, wanasoma yaa bushraaya, "ee bishara yangu", na mtu akisema "yangu" haelekei kuwa anaita jina la rafiki.

Kwa Kiswahili, "ewe bishara" humfanya mchota maji aonekane anaghani utenzi. Sisi mtu akiokota kitu cha thamani husema "kheri yangu!" au "bahati gani hii!" Maneno hayo nayo yanaelekezwa kwa bahati yenyewe, hayana mtu wa kuitwa, na yana ile "yangu" ya kisomo cha pili. Mchota maji akisema "Kheri yangu! Mtoto wa kiume huyu!", mzigo wote umefika.

Kuna pia mahali ambapo Kiarabu hakikuweka yaa kabisa, na hapo mfasiri hujaribiwa kuiongeza. Aya ya 29, kanzu ya Yusufu imeonekana imechanwa kwa nyuma, mke wa mwenye nyumba ameumbuka. Mumewe, kwa maelezo ya wafasiri wengi, anamgeukia kijana na kumwambia aliache jambo hilo. Hasemi "yaa Yuusufu". Anasema "Yuusufu" tu. Wanabalagha wanasema yaa imeondolewa kwa sababu ya ukaribu na kwa sababu ya kutaka jambo lipite kimya. Ni fedheha ya ndani ya nyumba, haipigiwi mbiu. Ukiandika "ewe Yusufu", umempaza sauti mtu ambaye anajaribu kunong'ona. Jina peke yake na mkato latosha: "Yusufu, liache hili."

Na hapo hapo karibu kuna mtego wa aina nyingine, neno ambalo ni letu na si letu. Wanawake wa mji wanapomwona Yusufu na kujikata mikono kwa visu, wanasema haasha lillaahi. Wanalisema tena aya ya 51, mfalme anapowauliza habari yake. Kiswahili kina "hasha", tena "la hasha", na kwetu maana yake ni kukana: sivyo kabisa. Aya ya 51 inakaa sawa, kwa kuwa wanakana kuwa wanalijua baya lolote kwake. Lakini mara ya kwanza hawajaulizwa kitu. Wameduwaa. Pale mtu wa mwambao angesema "subhanallah!" Neno moja la Kiarabu linataka mawili ya Kiswahili, na kufanana kwa sauti ndiko kunakopoteza njia.

Kwenye soko la chakula Misri, mwito unageuka kuwa wa cheo. Mpiga mbiu anaulilia msafara: ayyatuhaa l-iiru. Al-iiru ni ngamia waliobeba nafaka. Anaita ngamia na kukusudia wenyewe, kwa sababu mara moja anawaambia "nyinyi ni wezi" kwa wingi wa watu. "Ewe msafara, nyinyi ni wezi" haisimami kwa Kiswahili, umoja na wingi vinagombana. "Enyi watu wa msafara" inasimama. Hapa enyi ni mahali pake hasa, kwa kuwa ni mbiu, inatolewa kwa sauti, kwa watu wengi wasiojuana na mwitaji.

Kisha ndugu wale wanasimama mbele ya Yusufu bila kumjua, na wanamwita yaa ayyuhaa l-aziizu, mara mbili, aya ya 78 na ya 88. Al-Aziz ndicho cheo cha mkubwa wa Misri. Jaribu kumsikia mwananchi mwenye shida ameingia ofisi ya mkuu wa wilaya akaanza "ewe mheshimiwa". Wangemwangalia mara mbili. Husema "mheshimiwa", akanyamaza kidogo, kisha akaeleza njaa iliyowapata watoto. Ewe pale inaharibu unyenyekevu ambao ndio roho ya aya. Tena unyenyekevu huo una kazi, kwa sababu baada ya aya mbili tu wanamuuliza, "Kwani wewe ndiye Yusufu?" Cheo kimeanguka, jina limetokea, na lile wewe ambalo halikufaa kwa mheshimiwa sasa limefika wakati wake.

Nimeliweka mwishoni lililo gumu kuliko yote. Yakobo amepoteza mtoto wa pili, habari imeletwa, anawapa wanawe mgongo na kusema: yaa asafaa alaa Yuusufa. Asaf ni huzuni kali. Mwishoni paliwahi kuwa na ii ya "yangu", asafii, lakini imegeuzwa kuwa alifu ndefu, asafaa. Alifu hii Waarabu huitia kwa makusudi kwenye kilio, kwa sababu sauti ya ii hubana koo na ya aa hulifungua. Ni neno moja na mlio wa mtu anayelia.

"Ewe huzuni yangu juu ya Yusufu" ni tafsiri sahihi ambayo hakuna aliyefiwa amewahi kuitamka. Sasa sikiliza msiba wa kwetu. Mama hasemi "ewe mwanangu". Anasema "mwanangu wee!" Kiarabu huanza na yaa na kurefusha mwisho. Kiswahili hakiweki kitu mwanzo, huweka wee mwisho na kuivuta kadiri pumzi inavyoruhusu. Ndiyo ile ile "wewe" iliyomo ndani ya ewe, ila imehamia nyuma na kugeuka kilio. Alifu ya asafaa na wee yetu zinafanya kazi moja, mahali pamoja, mwisho wa neno. "Uchungu wangu wee, kwa Yusufu!" ingemfikisha Yakobo mzima.

Msomaji mwenye haki atauliza: je, wee haishushi lugha ya kitabu kitukufu? Ni swali la kweli. Mfasiri wa Kurani anaogopa kuongeza, na anapaswa kuogopa. Ewe imedumu kwa sababu inamlinda: ni ile ile kila mahali, hakuna wa kumwambia ameingiza hisia zake. Tena ewe ina mahali pake. Moto unapoambiwa uwe baridi kwa Ibrahimu, ardhi inapoambiwa imeze maji yake baada ya gharika, "ewe moto" na "ewe ardhi" zina ukubwa unaotakiwa, kwa kuwa hakuna mtu anayezungumza na moto kila siku. Kosa si ewe. Kosa ni ewe moja kwa wote.

Na Kurani yenyewe imetoa somo la kuiacha. Yusufu anamaliza kisa chake, aya ya 101, kwa dua, na anaianza na Rabbi, "Mola wangu", bila yaa. Ndivyo zilivyo dua za Kurani: Rabbi na Rabbanaa huja bila ya wito, isipokuwa mahali pawili tu, Furqaan aya ya 30 na Zukhruf aya ya 88, ambapo Mtume analalamika juu ya watu wake waliokataa kuamini. Zamakhshari anasema anayeomba kwa yaa hujiona yeye mwenyewe yu mbali, ingawa Mungu yu karibu. Ikiwa yaa ni umbali, kukosekana kwake ni ukaribu. Basi mfasiri anayeandika "ee Mola wangu" kila palipo na Rabbi ameweka kizingiti ambacho aya yenyewe imekiondoa. Sisi wenyewe tukizidiwa hupiga "yarabi!", na yaa imo humo ndani. Lakini ukiinua mikono usiku wa manane, husemi ewe. Unasema "Mola wangu", na unaendelea.

Utakapofungua tena tafsiri uliyo nayo kabatini, isome Sura ya Yusufu kwa sauti, mbele ya mtu mzima wa nyumbani. Kila ufikapo kwenye ewe, mtazame usoni.